Gauni la Zambarau Lisilo na Kichwa

Mimi ni mweusi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoleta maneno yote, na kwa sababu watu wakitaka kunisifia husema "mweusi lakini mzuri," halafu wanangoja niseme asante. Shuleni Iyula waliniita Sufuria, tena si sufuria yote, ile sehemu ya chini inayokaa motoni. Nilikua nikijua kwamba picha ya darasa ikipigwa, mimi nitaonekana meno tu.

Ndoa yangu iliposhindikana, kaka yangu alinichukua nikakae kwake Chapwa. Mkewe, wifi yangu, alikuwa na duka la nguo za kike pale Tunduma, si mbali na barabara ya mpakani ambako malori hupanga foleni mpaka vumbi lao linaingia kwenye mikunjo ya magauni. Wateja wake walikuwa kina mama wa Zambia wanaovuka kwa miguu, na wengine wengi ambao hawafiki kabisa: wa Vwawa, wa Ileje, hata wa kule Kamsamba kwenye joto. Hao walichagua nguo kwenye simu na kutumiwa kwa basi. Kazi zangu zilikuwa mbili. Kuvaa gauni nipigwe picha, na kuandika maneno ya chini ya picha.

Maneno hayo si mapambo. Mtu anayenunua bila kushika kitambaa anahitaji kuambiwa kile ambacho kioo cha simu kinaficha. Mwalimu wangu wa ushonaji alitufundisha kumkalisha mtu karibu na dirisha mchana, kumwekea vitambaa chini ya kidevu kimoja kimoja, na kuangalia uso, si kitambaa. Alisema kila ngozi ina rangi yake ya chini, ile wauza vipodozi wanaiita andatoni, na haihusiani na weupe wala weusi. Kuna weupe wenye unjano ndani na weupe wenye uwaridi. Kuna weusi wenye dhahabu ndani, na kuna weusi kama wangu, wenye ubluu kwa mbali. Wangu huitwa wa baridi. Ukiniwekea njano ya haradali chini ya kidevu nakuwa kama mtu aliyetoka malaria. Ukiniwekea zambarau, uso unaamka.

Wifi yeye ni mweupe wa joto, na aliamini kwamba kinachompendeza yeye kinapendeza binadamu wote.

Gauni lililoleta balaa lilikuwa la zambarau iliyoiva sawasawa, refu, kitambaa kizito kisichong'aa. Kichwani nilifunga kilemba cha zambarau hafifu, na begani nikatupia mtandio wa hariri wa rangi iliyo kati ya hizo mbili. Kuvaa hivyo, familia moja ya rangi kwa ngazi tofauti, ndiko kuvaa toni kwa toni. Watu wengi hukosea hapo. Huchukua vitu vitatu vya zambarau ileile, kitambaa kilekile, wakaonekana wamevaa shuka. Lazima ngazi zipishane, na kitambaa kimoja kinyonye mwanga kingine kiurudishe.

Nilikaa na simu kwenye kiti cha duka nikaandika: "Toni kwa toni ya zambarau, kutoka iliyoiva mpaka hafifu. Rangi ya chini ni baridi, ina ubluu, si wekundu. Gauni limekolea ingawa ni la giza; kilemba kimepoa, hakijakolea. Utofauti kati ya gauni na ngozi nyeusi ni mdogo, hivyo mwili unasomeka kama mstari mmoja mrefu. Utofauti mkubwa uko kwenye kilemba, ndiyo maana jicho linapanda usoni."

Jicho linapanda usoni. Niliandika hivyo kuhusu uso wangu mwenyewe. Niliitazama picha ile mpaka simu ikazimika mkononi. Sikuwahi kuwa mzuri kwenye picha kabla ya siku ile, na sitajifanya kwamba lilikuwa jambo dogo.

Ila picha iliyopandishwa mtandaoni haikuwa ile. Simu ya wifi ina kitufe cha urembo. Ukikiwasha, kinautafuta uso, kinaulainisha na kuung'arisha, na wifi aliongezea juu yake rangi ya joto inayofanya kila kitu kionekane kimepigwa na jua la jioni. Nikatoka na ngozi ya maji ya kunde. Kilemba na uso vikakaribiana mpaka jicho likakosa pa kupanda. Na gauni, ubluu wake ulipokwisha kufukuzwa, likawa damu ya mzee, ule wekundu ulioiva wenye kahawia ndani. Maneno yangu yalibaki chini yake vilevile, yakisema "zambarau" na "ngozi nyeusi," kama shahidi aliyeletwa kwenye kesi isiyo yake.

"Wifi," nilimwambia, "hii si rangi ya gauni. Na mimi si huyu."

"Umependeza hivyo. Kwani kuna ubaya?"

"Ubaya ni kwamba nguo ikifika itakuwa nyingine."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe tembea, niachie mimi kuuza."

Wiki hiyohiyo kamati ya sendoff ya Vwawa, sherehe ya kumuaga bibi harusi, iliagiza gauni hilohilo liwe sare ya kina mama. Rangi za sherehe yao zilikuwa damu ya mzee na krimu. Vitambaa vya kupambia ukumbi walikuwa navyo tayari. Magauni yakaenda kwa basi, na siku mbili baadaye mwenyekiti wa kamati aliyarudisha mwenyewe, mama mnene mtaratibu, amebeba na kipande cha kitambaa cha ukumbini. Hakugomba. Alitoka nje kwenye jua, akaliweka gauni upande mmoja na kitambaa upande wa pili, akatuita.

"Njoni mwangalie wenyewe."

Kitambaa kilikuwa na wekundu na kahawia ndani, gauni lilikuwa na ubluu. Kimoja kimoja vilikuwa vizuri. Pamoja kila kimoja kilimchafua mwenzake.

"Lakini mama, maelezo yalisema zambarau," nikasema. "Yalisema ni ya baridi, haina wekundu."

"Niliyasoma, mwanangu. Nikajua umekosea kuandika. Maneno yanasema dada mweusi, na kwenye picha naona dada maji ya kunde. Nikasema huyu mwandishi hata mtu hakumwona, nguo ataijulia wapi?"

Kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyeyasoma maneno yangu yote, na ameyakataa kwa sababu ya uso wangu.

Wifi alimwomba radhi, akayapokea magauni, akamtafutia mengine ya damu ya mzee ya kweli. Mama alipoondoka, nilidhani kitufe kile kimekufa siku hiyo. Nilimweleza wifi taratibu: tuzime urembo, tusogee mlangoni kwenye mwanga wa mchana, na kabla ya kupiga uguse gauni kwenye kioo ili simu ipime mwanga wa kitambaa, maana ukiiachia yenyewe inapima uso, na ikikuta uso mweusi inaongeza mwanga mpaka nguo inapauka. Yote yanawezekana. Ni mambo ya kidole kimoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisimamisha mlangoni, akazima kitufe, akagusa gauni, akapiga. Rangi ilitoka barabara: ubluu wake, uzito wake, ngazi zote tatu. Uso wangu ulitoka mweusi, mtulivu, wangu. Akaiangalia picha, na kwa kidole kilekile akaikata juu tu ya shingo.

"Sasa imekaa sawa," alisema. "Sura yako ndiyo inayoisumbua picha, wifi. Usinielewe vibaya. Nguo tu ndiyo inauzwa."

Kilemba kilikwenda na kichwa. Maneno yote ya utofauti, ya jicho kupanda, yalikuwa sasa yanaelezea kitu kilichotupwa. Nilimwambia ukitoa ngozi ya uso hakuna wa kujua rangi ya gauni inaongea na ngozi gani. Akanijibu kwamba shingo inatosha, na mikono ipo.

Jioni nilimpelekea kaka simu aione picha. Alikuwa anavua viatu. Aliichukua simu, akaitazama picha, akatazama pembeni.

"Mdogo wangu," akasema, "nyumba hii nataka ikae kwa amani. Kwani umekatwa wewe, au imekatwa picha?"

Nilichukia kwamba alisema kwa upole. Angegomba ningepata cha kushika. Nilikula ugali wake usiku ule na sikusema tena, kwa sababu sikuwa na nyumba nyingine, na wote watatu tulilijua hilo.

Nikaendelea kuvaa. Magauni ya kijani cha jani la mgomba, ya bluu ya wino, ya kijivu kwa kijivu, nikapigwa, nikakatwa, nikaandika. Biashara ikashamiri, lazima nikiri, na wateja walisifu kwamba rangi zinafika kama zilivyo. Nilianza kujikuta nasimama mbele ya simu bila kujali uso umekaaje. Sikuwa napaka hata mafuta ya midomo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilizoea.

Mwezi huu alikuja mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mrefu, mweusi kunishinda. Aliingia na simu mkononi ikiwa na picha ya lile gauni la zambarau. Mimi nilikuwa nakunja nguo mezani, kanga kiunoni, kitambaa cha jasho kichwani.

"Ba mayo, karibu," wifi akamwambia, akimwita mama kwa Kibemba.

"Nataka hili. Nimeangalia magauni Nakonde nzima, yote wamevalishwa wasichana weupe, sijui kwangu itakuwaje. Huyu ni mweusi kama mimi." Akaikuza picha kwa vidole mpaka ikabaki shingo na mfupa wa bega. "Angalia ngozi hii. Ndiyo inayoifanya nguo itulie. Ni nani?"

"Ni modo wetu wa Dar," wifi akasema, bila kunitazama.

"Wangeonyesha na uso. Mtu wa ngozi hii hawezi kuwa na sura mbaya."

"Ni mimi, mama," nikasema.

Alinigeukia. Aliangalia kitambaa changu cha kichwani, kanga yangu, mikono yangu iliyoshika nguo za watu, akacheka kwa upole kama anavyochekewa mtu aliyejitahidi kutania. Wifi akacheka naye. Nikashusha lile gauni kwenye kiango, nikamfungia kwenye mfuko, nikamwambia karibu tena.