Tarehe Thelathini na Moja Novemba

Pikapu ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alipofariki ilikaa nyuma ya nyumba karibu mwaka mzima, kuku wakilala chini yake, na mimi sijui hata kuiwasha. Duka langu la sare za shule hapa mjini Kisii halihitaji pikapu. Mizigo yangu hubebwa na mkokoteni. Kwa hiyo mfanyabiashara wa ndizi kutoka Ekerenyo alipokuja kuiulizia, tulielewana upesi: laki nne na elfu themanini, atoe laki moja na elfu themanini kwanza, zilizobaki alipe kwa awamu sita.

Mkataba uliandikwa na shemeji yangu, kaka wa marehemu, mwalimu mkuu mstaafu. Angeweza kuuchapisha kwenye saiberi, lakini anaamini kwamba maandishi ya mashine hayana heshima. Aliandika kwa mkono ukurasa mzima, herufi zimenyooka kama sare zilizopigwa pasi, kisha akatusomea kwa sauti. Awamu ya elfu hamsini, tarehe thelathini na moja ya kila mwezi, kuanzia Oktoba hadi Machi. Akaziorodhesha moja moja. Na mnunuzi akichelewa hata siku moja, gari litarudi kwa mwenyewe. Tuliitikia kwa vichwa, kwa makini, tukasaini, tukapiga dole gumba, tukanywa chai.

Oktoba alilipa siku ile ile, kwa simu, na ujumbe ukaingia nikiwa napima mtoto sketi. Nikaona nisipoweka kumbukumbu nitachanganyikiwa. Katikati ya Novemba niliutoa mkataba, nikauweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikaupiga picha. Picha ya kwanza ilikuwa na kivuli cha kichwa changu. Ya pili ilikuwa safi. Niliipeleka kwenye ile programu ya akili mnemba ninayotumia kuandikia ankara, nikaiambia: soma mkataba huu, nitengenezee jedwali la kufuatilia malipo.

Ilinipa jedwali zuri. Bei, malipo ya awali, salio laki tatu, awamu sita, kiasi, tarehe ya kulipa, na nafasi ya kuandika kama imelipwa. Chini yake iliandika maelezo. Kwanza, alama ya dole gumba imefunika tarakimu za malipo ya awali, haijulikani kama ni 130,000 au 180,000. Lakini kwa maneno imeandikwa laki moja na elfu themanini, na hesabu inakubaliana na hiyo, kwa kuwa awamu sita za elfu hamsini ni laki tatu. Hapo nilifurahi. Pili, awamu ya Novemba na ya Februari haikuziwekea tarehe, kwa sababu mkataba unasema 31/11 na 31/2, na siku hizo hazipo.

Nilienda kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kanisa. Kweli hazikuwepo.

Nikaiandikia, weka tu thelathini. Ikajibu kwamba inaweza kuiweka kama tarehe ya muda na kuitia alama, ila mkataba hausemi hivyo, na kwa kuwa kuna sharti la gari kurudi, ni afadhali pande zote mbili zikubaliane kwa maandishi.

Nikampigia shemeji.

"Nani amesema hiyo siku haipo?" akauliza.

"Programu ya simu, shemeji. Na kalenda."

"Nimefundisha watoto miezi na siku zake kabla simu hiyo haijazaliwa."

"Basi Novemba ina siku ngapi?"

Nilisikia ng'ombe wake akilia huko Manga.

"Mkataba umeshasainiwa," akasema mwishowe. "Siku ikifika tutaijua."

Mnunuzi nilipomweleza hakucheka. Ni mtu wa makini, haongei sana, na gari lile lilikuwa limeanza kumlisha. "Mama," alisema, "huo ni mtego. Nikilipa thelathini, sijalipa siku iliyoandikwa. Nikilipa tarehe moja, nimechelewa. Gari linaondoka."

"Siwezi kukunyang'anya gari kwa siku ambayo haipo."

"Wewe huwezi. Lakini mwalimu ndiye aliyeandika. Nitakuja nikae hapo dukani, isisemekane nilikosekana."

Nilidhani ni maneno tu. Tarehe thelathini nilipofika kufungua duka, pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango, imejaa ndizi, na yeye amekaa kwenye ngazi na elfu hamsini mfukoni. Pesa taslimu, ili pawe na mashahidi. Nilimsihi anipe, nikamwambia nitamwandikia risiti. Akakataa kwa upole.

"Bado siku haijafika, mama."

Alikaa kutwa. Jua lilipozidi, ndizi zikaanza kubadilika rangi, naye akazishusha ndani ya duka kwenye kivuli. Wateja wangu wakaingia kununua soksi wakatoka na vichane vya ndizi. Mzazi mmoja aliniuliza kama siku hizi shule imeongeza ndizi kwenye orodha ya mahitaji. Jioni nilifunga duka, yeye akaenda kulala kwa binamu yake Suneka.

Asubuhi ya tarehe moja Desemba alikuwa amerudi pale pale, lakini uso umemshuka. "Imepita," alisema. "Na sikuiona."

Ndipo nilipokasirika. Nilimwambia awashe gari, tukapanda hadi Manga. Shemeji tulimkuta akipogoa migomba. Mnunuzi alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akamkabidhi ufunguo wa pikapu.

"Nimechelewa, mwalimu. Mkataba ni mkataba."

Shemeji alitazama ule ufunguo kiganjani mwake kwa muda. Kisha akakunja mkono ngumi, akaanza kuhesabu miezi kwenye vifundo vya vidole, midomo ikicheza, kama tulivyofundishwa sote darasa la pili. Alipofika Novemba kidole kikatua kwenye bonde, mahali pa miezi isiyofika thelathini na moja. Akarudia mkono wa pili. Bonde tena.

"Hii inarekebishika," akasema, na sauti ilikuwa ya chini.

Aliingia ndani, akarudi na kalamu na karatasi. Marekebisho yalikuwa mafupi: kila palipoandikwa tarehe thelathini na moja pasomeke siku ya mwisho ya mwezi husika, na awamu ya Novemba ikilipwa leo ihesabiwe imelipwa kwa wakati. Akatusomea. Mnunuzi akainua mkono.

"Siku ya mwisho, hadi saa ngapi?"

Shemeji akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akaongeza: kabla jua halijatua. Tukasaini sote watatu juu ya boneti, na mnunuzi akanihesabia elfu hamsini, noti zikiwa na joto la mfuko.

Nilipiga picha ya karatasi ile hapo hapo nikaituma kwenye ile programu pamoja na mkataba wa kwanza. Jedwali likajaa. Novemba ikaandikwa imelipwa, Februari ikapata ishirini na nane, na jumla ya salio ikashuka hadi laki mbili. Nilimwonyesha shemeji. Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akasema safu zimenyooka.

Machi alilipa ya mwisho, jua likiwa bado juu. Kwa kutumia hati yangu ya mirathi tulifanya uhamisho wa umiliki kwenye mtandao wa serikali, mimi na yeye tumekaa kwenye benchi la dukani tukisubiri ujumbe uingie. Ulipoingia na jina la mume wangu likatoka kwenye lile gari, niliusoma mara mbili. Yeye hakuniharakisha. Alipoondoka alikwenda taratibu hadi kwenye kona, akawasha taa ya kugeukia ingawa barabara ilikuwa tupu, akashika njia ya Nyamira.