Mbegu Moja ya Mwani

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa kisiwani Mafia, na siku moja nilikwenda kwa mama mmoja mkulima wa mwani nimefura kwa hasira. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ilikuwa imemlaza miezi. Tulikuwa tumepanga naye jambo dogo kabisa: kila siku baada ya alasiri akae mlangoni, afunge mbegu moja tu, kijitawi cha mwani wa kupanda, kwenye kamba, kisha akitaka arudi kulala. Asingoje moyo upende. Atende kwanza, moyo utafuata.

Siku ya kwanza alifunga. Wifi yake, dada wa mumewe, akamwona, akamtupia tenga zima la mbegu miguuni: “Kumbe unaweza! Haya, maliza.” Mgonjwa akarudi kitandani, siku nne hakuinuka.

“Kaka yako alipovunjika mguu,” nilimfokea wifi, “siku ya kwanza kukanyaga chini ulimtuma akavute nyavu?”

Nami nilistahili kufokewa, maana nilipanga na mgonjwa, wa nyumbani sikuwaambia kitu.

Tukapunguza, safari hii wifi akisikia: akae mlangoni tu, bila kamba. Kesho yake nilimkuta amekaa. Pembeni wifi alikuwa amelikalia lile tenga asije akamsogezea tena, mikono kaifumbata.