Aliyemlalamikia Mkuu Wake

Wenzake walimwita Mwalimu Mpya, ingawa alikuwa ameshaingia mwaka wa pili shuleni. Mwalimu mkuu alilitamka jina hilo kama mtu anayetema kokwa. Alimkatiza vipindi na kumuuliza mbele ya wanafunzi kama chuoni alifundishwa kusoma au kufagia. Siku moja alimwambia mzazi, huku Mwalimu Mpya amesimama palepale, "Huyu bado tunamjaribu. Akishindwa, tutamrudisha kwao."

Jioni hiyo Mwalimu Mpya alimweleza shangazi yake, mwalimu mstaafu.

"Andika, mwanangu. Lakini usiandike 'ananionea' ukaishia hapo. Andika alisema nini, lini, wapi, na nani alisikia. Wala usimpelekee yeye. Peleka ofisi ya elimu ya wilaya, nakala yako igongwe muhuri."

Akafanya hivyo. Shahidi alimtaja mmoja tu, mwalimu wa hisabati, rafiki yake wa meza moja.

Haikupita muda mrefu, mwalimu mkuu akamkuta kwenye ukumbi. "Naona siku hizi tunashtakiana," alisema, akatabasamu, akapita.

Mwalimu Mpya alibaki akijiuliza. Kajuaje? Pale shuleni aliyejua ni mwalimu wa hisabati peke yake. Na kesho yake alimwona kwa macho yake akiingia ofisini kwa mkuu, mlango ukafungwa. Kikulacho ki nguoni mwako! Akahamishia mkoba wake meza ya pembeni. Akaanza kujibu salamu kwa kuguna. Walimu wawili wakicheka stafu rumu, alihisi wanamcheka yeye.

Maofisa wa wilaya walipokuja, waliketi maktabani na kuwaita walimu mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, hakuweza kujizuia.

"Samahani, nani alimwambia mkuu?"

"Sisi," alijibu ofisa mwanamama. "Anayelalamikiwa lazima apewe nafasi ya kujibu. Tulimwonya asikuguse wala asiwaguse mashahidi. Tulipaswa kukuarifu mapema, hapo tumekosea. Ila onyo amelivunja: alimwita shahidi wako ofisini, akamtaka aseme hakusikia kitu. Shahidi mwenyewe ametuletea taarifa."



Uamuzi ulitoka: mwalimu mkuu alipewa onyo la maandishi, na tathmini ya kazi ya Mwalimu Mpya ikahamishiwa kwa mkaguzi wa wilaya. Kuhamishwa, mkuu hakuhamishwa. Sasa alimsalimia kwa adabu iliyopitiliza, naye kila aliposikia "Habari za asubuhi, mwalimu" alijiuliza kuna nini nyuma yake.

Lililomuuma zaidi lilikuwa la rafiki yake.

"Nisamehe, dada. Nilikudhania vibaya."

"Nilijua tangu ulipohama meza," alisema mwalimu wa hisabati, akiendelea kusahihisha madaftari. "Nilitaka kukwambia, lakini maofisa walinikataza kuzungumzia kesi. Nikasema moyoni, angalau ataniuliza."

Hakumwambia arudi. Wala hakumwambia asirudi.