Madawati Sita Yasiyo na Watu

Ingvild ni mwalimu mkuu wetu pale Rørvika, na ukaidi wake nimeuvumilia miaka mingi nikiwa karani wa shule. Aprili ile alikuwa akimwandikia barua Bwana Tveiten, mwenye kiwanda cha samani, kuagiza madawati mapya, huku mkate wake wa jibini ya kahawia ukikauka mezani.

"Darasa la saba lina urefu wa mita nane, upana sita na nusu," alinisomea. "Mbele ubaoni tunaacha mbili. Zinabaki sita. Kila safu, dawati na kiti, mita moja na sentimita ishirini. Safu tano za madawati sita. Thelathini!"

"Watoto ni ishirini na wanne," nikasema.

"Yaliyopo ni thelathini. Arne, acha uchokozi."

Nikamwambia basi akapime njia za kupita. Akaenda na futi, mimi nyuma yake.

Tulikuta watoto, mwalimu wao akisimamia, wanabadilishana viti, kama kila baada ya wiki chache: majina kwenye kofia, bahati nasibu. Kofia aliishika Ragna, aliyekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kwenye dawati lake la kupandishwa na kushushwa, pale pale mlangoni.

Ingvild akapima kati ya madawati. Sentimita hamsini na saba.

"Ragna, wewe huchukui karatasi?" akauliza, kwa furaha kabisa.

"Jina langu halimo. Mimi sipiti huko."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la tano, tulipohamia chumba hiki. Si kitu, nimezoea. Nashika kofia."

Ingvild aliyatazama madawati sita matupu ya nyuma, yaliyokaa tu kuziba njia. Uso ukamwiva mpaka masikioni. Mimi pia niliona aibu. Mlango ule naupita kila siku.

Ofisini aliichana barua, akaandika nyingine: safu nne, madawati ishirini na manne. Kila safu iwe jozi tatu: jozi ya pembeni iguse ukuta, ile ya dirishani iache sentimita ishirini kwa ajili ya kipasha joto. Hapo kila njia inapata mita moja na zaidi. Na dawati la Ragna, lile la kupandishwa, liwe na magurudumu limfuate aendako.

Tukarudi darasani amsomee. Ragna alisikiliza kwa adabu.

"Ni barua nzuri. Yanafika lini?"

"Agosti, mwanangu."

"Agosti nitakuwa nimemaliza hapa, niko shule ya juu."

Ingvild aliikunja barua yake, nami nikatamani ardhi itumeze sote wawili. Kisha akavua koti. "Nisamehe," akamwambia. "Arne, shika huku!" Tukatoa nje yale sita matupu, tukayasukuma mengine mawili mawili, jasho likitutoka mbele ya watoto.

Ragna akaandika jina lake, akalitia kofiani. Likaangukia safu ya mwisho, ubavuni mwa Sindre, domokaya wa darasa.

Kabla ya kengele, mwalimu wa darasa alikuwa ameshamkaripia: "Ragna! Punguza soga!"

Ingvild alikuwa koridoni. Alisikia, akageukia ukutani akalia.