Barua Isiyo na Salamu

Dama alikuwa na miaka kumi na mdomo usiojua kupumzika. Aliuliza kwa nini feri haizami na malori yote yale. Aliuliza kwa nini Bi Mwanarusi, mwenye nyumba, hukohoa kwanza kabla ya kuingia chumba kisicho na mtu. Aliuliza ukuta wa Ngome kuukuu ya baharini umejengwa kwa jiwe gani hata ukawa na vitundu vitundu. Watu wazima walimwambia anyamaze, na mwalimu wake wa darasa la nne alimwambia hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Aliyemsikiza ni mmoja tu, kaka yake Tsuma.

Tsuma alikuwa amemaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani zaidi ya mwaka akingoja kuitwa chuo kikuu, kama walivyongojeshwa vijana wote wa miaka ile. Kungoja bila kazi kunamtia mtu wazimu, kwa hiyo akaenda kujishikiza kwa Shukri, fundi wa saa pale Kibokoni. Kila jioni alirudi mikono inanuka petroli ya kusafishia saa, na Dama akamdaka mlangoni na maswali ya siku nzima. Lililo na jibu alilijibu. Lisilo na jibu alisema hajui, na kwa Dama hilo lilikuwa jambo la ajabu, maana hakupata kumsikia mtu mzima mwingine akisema hivyo.

Mwishowe akaitwa, na Jumapili jioni treni ya Nairobi ikamchukua. Kutoka huko angetafuta gari la Njoro, kwenye chuo chake na kwenye baridi, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyepata kupaona. Stesheni aliagana na kila mtu vizuri. Alimpa mkono babake, Mzee Kadenge, akamkumbatia mamake, akataniana na Musyoka, mpangaji mwenzao anayefanya kazi reli. Alipofika kwa Dama alimshika kichwa tu akasema, "Yako yaja." Dama akauliza yake nini. Treni ikapiga honi, na Tsuma akapanda bila kujibu.

Kwa hiyo Dama alirudi nyumbani amenuna, na chini ya ule mnuno alikuwa na hamu ya kujua inayomwasha mwili mzima.

Ukweli ni kwamba Tsuma alikuwa amepanga kila kitu. Jumamosi aliandika barua, akaitia kwenye bahasha pamoja na zawadi, akaifunga kwa gundi, akamwachia Shukri. Maagizo yake yalikuwa mepesi: Jumatatu, Dama akipita dukani akitoka skuli, ampe mwenyewe mkononi. Lakini kijana huyu, kwa akili zake zote za chuo kikuu, hakufikiria anamwagiza nani. Shukri alikuwa mtu wa adabu za zamani. Yeye, mzee mzima, amwite mtoto wa kike wa watu, amtie mkononi barua iliyofungwa kwa gundi, mamake hana habari, na mtaa mzima unaangalia? Dama alipopita, Shukri alijifanya anatafuta msumari wa saa sakafuni. Kisha akafunga duka, akavaa kofia yake nzuri, akaenda kupiga hodi.

"Amana ya Tsuma," akamwambia mama mtu, na akampa bahasha kwa mikono miwili. "Aliniachia Jumamosi. Ni ya Dama, lakini nimeona ipite kwako."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu katika nyumba ile hakukuwa na barua ya mtu mmoja. Barua ikija mkeka hutandikwa uani, watu huitwa, na msomaji husoma kwa sauti tangu tarehe hadi sahihi. Msomaji siku zote alikuwa Tsuma. Mama yao, Mirriam, hakutiwa skuli. Mzee Kadenge alisoma nambari za makasha bandarini, lakini maneno yaliyopangwa mistari yalimchosha. Bi Mwanarusi alisoma msahafu wake, haya maandishi mengine hakuyataka.

Na barua ya heshima, kama ijulikanavyo, huanza kwa salamu. Baba asalimiwe, mama asalimiwe, mwenye nyumba, mpangaji, kila mtu kwa jina lake, ndipo lije lile neno lenyewe. Asiyetajwa amesahauliwa. Mpwa wa Bi Mwanarusi aliwahi kuandika kutoka Lamu akasahau kumtaja, na bibi huyo alinuna hadi mwezi wa Ramadhani ukaingia.

Mkeka ukatandikwa. Mzee Kadenge, aliyekuwa ametoka zamu, akaketi na kikombe chake cha chai. Bi Mwanarusi akashuka ngazi akikohoa. Musyoka akavuta kigoda. Mirriam akafuta unga mikononi, akampa mwanawe bahasha.

"Haya, soma. Twasikiza."

Dama aliipasua kwa uangalifu. Kilichotangulia kutoka ni kikombe kidogo cheusi, kifupi kama kifuniko cha chupa, chenye kioo upande mmoja. Alikijua mara moja. Ni kile ambacho fundi wa saa hukibana jichoni anapochokoa vyuma vyembamba visivyoonekana. Ikafuata bahasha nyingine, tupu, yenye stempu tayari na anwani ya chuo kwa mwandiko wa Tsuma. Mwisho ikatoka karatasi moja iliyoandikwa pande zote mbili. Macho yake yakakimbia mbele ya mdomo, na ni heri yalikimbia.

*Dama,*

*Najua umenuna. Stesheni sikusema kitu kwa sababu ningeanza kusema ningelia, na Musyoka angenicheka hadi Disemba.*

*Hiki ni cha Shukri cha zamani, ameniuzia kwa kuwa yeye ana kipya. Kibane jichoni kwa kukunja uso, kama unavyokunja ukila ukwaju. Usikipeleke kwenye kitu. Kilete kitu karibu na jicho, polepole, mpaka kionekane wazi. Kaa kwenye mwanga, lakini usiangalie jua nacho hata mara moja, kitakuchoma jicho na hutapata jingine. Anza na sukari. Kisha mchanga wa ufuoni Mama Ngina. Kisha jiwe la ukuta wa Ngome. Uliniuliza ni jiwe gani nikasema sijui. Bado sijui. Angalia wewe uniambie.*

*Ile bahasha ina stempu. Usinijazie ukurasa kwa kusema hamjambo. Andika ulichokiona, na maswali yako yote, hata yale aliyokukataza mwalimu. Nitajibu ninayoyajua.*

*Narudi Disemba. Mtu akikwambia narudi kabla, usiamini. Mto wangu chukua.*

*Salamu za watu sikuandika, kwa makusudi. Nimeshaagana nao. Hii ni yako peke yako.*

*Nami naogopa, Dama. Sijalala hata siku moja mahali ambapo simjui mtu. Usimwambie mama, atakosa usingizi.*

*Tsuma*

Watu wanne walikuwa wamemtolea macho, kila mmoja akingoja jina lake. Akiisoma ilivyo, mama atalisikia lile neno la mwisho. Akisema haisomeki, Musyoka anaweza kusoma, na kweli tayari alikuwa amenyoosha mkono akisema alete amsaidie, mwandiko wa Tsuma ni kama wa daktari.

Dama akairudisha karatasi kifuani, akasafisha koo, akasoma kisichoandikwa.

"Kwanza kabisa, nawasalimu sana baba na mama," alianza, kwa ile sauti nzito ambayo Tsuma aliitumia kwa barua. Macho yake yalikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, kama ya mtu anayesoma kweli. Babake akaambiwa asiache kuvaa viatu vyake vizito kazini. Bi Mwanarusi akaombwa dua, na akaulizwa mguu wake. Bibi akaitikia palepale kwamba mguu hajambo. Musyoka akaambiwa aache kuimba asubuhi. Hapo wote walicheka, na Musyoka mwenyewe zaidi, maana hayo kweli yalikuwa maneno ya Tsuma.

Kisha likabaki la mama. Dama alimwona amekaa mbele kidogo, mikono mapajani, na akataka kumpa kilicho kizuri kuliko vyote.

"Na wewe mama, mahamri uliyonifungia yalikwisha kabla treni haijafika Mariakani. Kila nilipotafuna moja nilikuwa kama niko nyumbani."

Mirriam akainamisha kichwa. Dama akasoma kwa haraka ile habari ya kioo, akasema wamesalimiwa tena, akaikunja. Kila mtu aliinuka akiwa ameridhika. Bi Mwanarusi alipanda ngazi akisema mtoto huyu asoma vizuri kuliko kakake, wala hajiumi ulimi.

Dama akakimbilia jikoni kutafuta sukari. Aliweka chembe chache kwenye kucha, akakunja uso wa ukwaju, akakisogeza kidole hadi chembe zikaonekana wazi. Sukari haikuwa unga hata kidogo. Yalikuwa masanduku ya kioo, yenye pembe na pande zilizokatwa sawa, mengine yamevunjika. Nani aliyakata? Na yakiyeyuka kwenye chai, pembe zile huenda wapi? Alikuwa tayari na maswali ya nusu ukurasa alipogundua kwamba mamake amesimama nyuma yake.

Mirriam hakuwa na hasira. Alichukua bakuli lake la unga, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kukanda.

"Shukri alisema aliachiwa barua Jumamosi," alisema.

"Naam, mama."

"Mahamri nilimfungia Jumapili."

Dama alikitoa kioo jichoni. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa kwamba sasa atatakiwa aisome upya, yote, pamoja na mstari ule.

Lakini mamake hakutaka isomwe tena. Aliomba aishike karatasi yenyewe, na akaomba na kioo. Alikibana jichoni vibaya, kikaanguka kwenye unga, akakibana tena. Dama alimwelekeza asogeze karatasi, si kichwa. Mirriam aliipitia mistari polepole, mmoja mmoja, yeye asiyejua hata herufi moja, akiangalia wino tu. Alipofika chini kabisa, juu ya jina, alikaa pale kwa muda mrefu. Wino pale ulikuwa mzito, umekatika na kurudiwa, umekatika na kurudiwa.

Akamrudishia karatasi. Hakuuliza pale pameandikwa nini.

"Kamwandikie sasa, kukiwa bado na mwanga," alisema. "Mwambie hiyo sukari yako. Mwambie maneno ya mahamri yamenifikia."

"Na wewe nikuandikie nini, mama?"

Mirriam alirudi kukanda. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi, na Dama alikuwa amemsikia akitembea chumbani usiku kucha baada ya treni kuondoka.

"Mwandikie mamake alala vizuri," alisema. "Akishalala tu, alala hadi kunakucha."

Dama akaenda kuchukua kalamu, akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.