Barua ya Mwalimu Mkuu na Kishikio cha Printa

Nilitaka wiki moja tu ya kujiongezea likizo. Asubuhi, kabla Mama hajafika dukani kwetu Nakivubo, nilitoa fomu za ankara kwenye printa, nikaingiza karatasi moja, nikasogeza kishikio cha pembeni kutoka tatu hadi sifuri ili kichwa cha kuchapia kiisogelee karatasi. Barua ikatoka safi: mwalimu mkuu anasikitika kuwaarifu wazazi kwamba vyoo vya shule vimetitia, kwa hiyo shule itachelewa kufunguliwa. Nikaificha ndani ya daftari la fizikia, nikarudisha fomu. Kishikio nikakisahau.

Saa nne dereva alikuja kupakia rangi za kupeleka bandari ya Port Bell. Bila ankara hapiti getini, na meli haimsubiri mtu. Maalim, karani wetu, ambaye jioni husomesha madrasa, alikuwa ameshafunga utepe mpya wa wino. Akabonyeza.

Printa ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Fomu zetu ni karatasi nne zenye kaboni katikati. Zilikwama, zikapakaa wino, na utepe ukachomoka umechanika.

"Maalim! Si nilikwambia usininunulie tepe za barabarani?" Mama alifoka.

"Utepe ni mzuri, Mama."

"Basi mbaya ni wewe. Kesho natafuta karani mwingine."

Nje, dereva alikandamiza honi. "Banange, mama, meli inaniacha!"

Nilienda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Maalim alizima printa, akangoja kichwa kipoe. Alipachika utepe wa akiba, akaupitisha kati ya kichwa na kibati chake, akazungusha kifundo mpaka ukakaza. Angejaribu tena hivyo hivyo, na huo nao ungechanika, na kazi ingekwenda nao.

"Maalim, ngoja," nikasema. Nikarudisha kishikio kwenye tatu. "Kichwa kimebana mno. Karatasi nne hazipiti."

Akaangalia kishikio, akaniangalia mimi. Akawasha, akabonyeza. Nakala nne zikatoka. Akafunua ile ya mwisho, ya kijani: kila herufi inasomeka. Dereva akamnyang'anya zake na kukimbia.

"Kishikio kilisogezwa na nani?" Mama aliuliza, macho kwa Maalim.

Ningeweza kusema panya. Kwetu panya husingiziwa mengi. Nikatoa daftari la fizikia.

Mama aliisoma barua mara mbili. Alipofika kwenye vyoo, mdomo ulimcheza kidogo, lakini akaukaza.

"Maalim, nisamehe. Sasa tumjibu mwalimu mkuu. Tumia fomu za ankara."

Akatamka, Maalim akaandika, kuanzia vyoo hadi ombi kwamba nipewe kazi ya kuvisafisha muhula mzima. Nyeupe ya mwalimu mkuu, ya pinki ya matroni wa shule, ya njano ya faili la Mama.

Ya kijani ilikuwa yangu. Nilitumaini imefifia. Haikufifia.