RJ4 Maana Yake Nini

Kwa miaka tisa nilifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa kule Meru, na kwa miaka tisa hiyo watu wa nyumbani waliamini nina cheo kikubwa kwa sababu hakuna aliyeelewa nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa "Grade C, PL-2, msimamizi wa RJ". Mke wangu aliwatajia herufi hizo wenzake wa kanisani, nao wakaitikia kwa heshima. Mimi mwenyewe nilijivuna, sikatai.

Kiwanda kikafungwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nikapeleka maombi ya kazi kila mahali, na kila mahali palinyamaza. Kisha shirika moja la kigeni likatangaza linatafuta mtu wa kufundisha wakulima usafi wa maziwa. Tangazo lilisema barua zitasomwa kwanza na kompyuta, Ulaya. Karatasi isikunjwe, isipigwe stepla wala mistari, na kila kifupisho kiandikwe kwa ukamilifu. Mashine ingetafuta maneno fulani, isipoyaona, basi. Nilicheka peke yangu. Yaani hata kukataliwa sasa kungefanywa na mtu asiyekuwepo.

Nikaenda Embu, mtaa wa Dallas, ambako dada ya mke wangu alikuwa na kompyuta moja na printa yenye kelele. Alichukua maisha yangu ya miaka tisa, akayasoma mara mbili, akaniangalia kwa huruma.

"Shem, hii ni CV ama ni namba ya gari?"

"Ni kazi yangu."

"PL-2 ni nini?"

"Jukwaa la kupokelea maziwa. La pili."

"Basi sema hivyo. Na hii QCPA?"

Nilikuwa nimejaza fomu ya QCPA kila Ijumaa kwa miaka tisa, na sikujua hata herufi moja ilisimama badala ya nini. Shemeji akafuta, akaandika kwamba nilitayarisha ripoti ya ubora kila wiki. Tukaendelea hivyo. "LR" ikawa kupima maziwa ni mazito au mepesi kiasi gani kwa laktomita, kile kipimo kinachoelea ndani yake. "AT" ikawa kupima kwa spiriti kama yameanza kuchacha. Kila tulipofungua kifupisho kimoja kazi yangu ilizidi kuwa ndogo, lakini kwa mara ya kwanza ilieleweka.

"Na RJ4?"

Hapo nikajikuta nasoma kalenda iliyokuwa ukutani.

RJ4 niliiandika kwa mkono wangu kwenye kibandiko cha kopo lililorudishwa kwa mkulima: RJ ni kukataliwa, nne ni sababu yake. Madereva waliwaambia wakulima maana yake ni tangi limejaa. Ilikuwa amani kwa kila mtu. Mama mkwe wangu, kule Kianjai, alirudishiwa makopo yenye RJ4 mara tatu, akalilaumu tangi.

Tangazo lilitaka mtu mwenye ujuzi wa kugundua maziwa yaliyoongezwa maji. Maneno hayo hayo. Ningeiacha RJ4 kama ilivyo, mashine ingenipita. Ningeifungua, aliyekuwa akiipiga chapa ni binti ya mwenye kopo. Niliogopa, nasema kweli; lakini nyumbani kulikuwa na watoto watatu na baba asiye na kazi.

"Maziwa yaliyoongezwa maji," nikasema.

Vidole vyake vikasimama. "Makopo ya mama yalirudi na RJ4."

"Najua."

"Ni wewe uliandika?"

"Laktomita haijui mama mkwe."

Akaandika yote, polepole: *niligundua na kurudisha maziwa yaliyoongezwa maji*. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Utaenda kumwambia mwenyewe. Mimi sitaki hii kitu inipate kwa mama Krismasi."

Baada ya wiki kadhaa nikaitwa kwenye mahojiano. Kumbe mashine ilinielewa. Kabla ya kwenda huko nikapitia Kianjai na kilo mbili za sukari.

Mama mkwe alinikaribisha kiti. Nikaanza kuzunguka: kiwanda, laktomita, tangi. Akanikatiza.

"Muthoni," akaniita, yaani mkwe, "wewe unafikiria mimi sikujua? Hiyo nne yako unafunganga juu kama nyumba. Iko hivyo hivyo kwa ile barua ulileta ukitaka msichana wangu."

Ndipo nikakumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo, nikienda kwake, nilipewa chai ya rangi. Ng'ombe watatu zizini, na mimi chai ya rangi. Nilidhani ni ubahili, na hata niliwahi kumtania mke wangu juu yake. Nikaona aibu iliyonipanda hadi masikioni.

"Samahani, mama."

"Kazi ni kazi," akasema, akaingia jikoni. Akarudi na kikombe kikubwa cha maziwa ya moto, akanikabidhi kwa mikono miwili, akabaki amesimama mbele yangu anitazame nikinywa.

Nikaonja. Ulimi wangu ulikuwa umefanya kazi miaka tisa pale PL-2, na haukuhitaji laktomita kujua kwamba hii ni RJ4. Nikayanywa yote hadi tone la mwisho, nikasema ni matamu.